Kreti mbili za embe kwa nyumba ya watu sita: nihesabu vipi, na kwa nini za mwaka jana ziliharibika?

*"Muuza matunda wetu ametuma ujumbe huu: 'Habari wateja wangu, msimu umekolea. Embe dodo za Mkuranga: moja 600, ndoo ya lita 20 ni 12,000, kreti 25,000. Oda za majumbani kuanzia kreti 2 naleta mpaka mlangoni bure. Mwisho wa oda Alhamisi jioni, mzigo unaingia Jumamosi asubuhi.' Sisi tuko sita, Tabata. Mwaka jana nilichukua kreti mbili. Nyingi ziliiva kwa mpigo tukamwaga, nyingine zikanyauka bila kuiva, karibu nusu yote ikapotea. Mama mkwe anasema zilipigwa kabaidi. Mwaka huu niagize ngapi? Na nikiziweka kwenye friji mara zikifika, zitakaa?"*

Dada yangu, chukua kalamu kwanza, maana ujumbe huo una vipimo vitatu tofauti na hakuna hata kimoja kinachosema kilo. Ndoo ya lita 20 haibebi kilo 20 za embe. Kati ya embe na embe kuna nafasi tupu, kwa hiyo ndoo iliyojaa mpaka ukingoni hutoa kilo 12 au 13. Dodo wa wastani akiwa na gramu 400 hivi, hapo unapata embe kama 30, yaani shilingi 400 kila moja. Kreti ukiijaza vizuri hubeba kilo 22 hivi, embe kama 55. Gawa 25,000 kwa 55, unapata karibu 455. Umeona? Kreti, ambayo sote tunaiona ndiyo bei ya jumla, hapa ni ghali kuliko ndoo. Kinachoirudisha kwenye ushindani ni kuletewa mlangoni. Ndoo mbili ukizilipia bodaboda 4,000, kila embe inafika 467. Zinakaribiana sana, na ndiyo maana bei isiwe kitu cha kwanza kukuamulia.

Kitu cha kukuamulia ni embe ngapi zitaingia mdomoni. Mwaka jana, tuseme kwa bei hii hii, ulilipa 50,000 kwa embe 110 na mkala 55. Kila embe mliyokula ilikugharimu 909. Ungeshuka genge la jirani kila jioni ukanunua moja moja kwa 600, ungekula embe zile zile na ungebaki na 17,000 mfukoni. Oda ya jumla ina faida ikiwa tu mzigo wote utaliwa, na mzigo hauliwi wote kama umeiva siku moja.

Sasa tuje kwenye sababu yenyewe. Kiswahili chetu kina maneno mawili ambayo sokoni watu huyachanganya: kukomaa na kuiva. Embe hukomaa ikiwa mtini. Kokwa inakuwa ngumu, mabega yanajaa na kupanda juu ya kikonyo, na ndani nyama inaweka akiba ya wanga. Ikishafika hapo unaweza kuitungua ikiwa kijani kabisa na ngumu kama jiwe, nayo itaiva vizuri nyumbani, kwa sababu kuiva ni ile akiba ya wanga kugeuka kuwa sukari, ganda kubadilika rangi na nyama kulainika. Iliyotunguliwa kabla ya kukomaa haina akiba hiyo. Utaiweka, utaingoja, utaifunika, itaishia kupoteza maji. Ganda linajikunja, nyama inakuwa kama mpira, ladha inabaki ya uchachu au haipo kabisa. Hizo ndizo zilizokunyaukia.

Zinaingiaje kwenye kreti? Mara nyingi mfanyabiashara hununua mti mzima ukiwa na matunda yake, kisha anatungua siku moja vyote vilivyomo, maana kurudi shambani mara mbili ni gharama. Lakini mwembe hauchanui wote kwa siku moja. Tawi moja linaweza kuwa limetangulia jingine kwa wiki kadhaa, kwa hiyo kwenye mti ule ule kuna zilizokomaa na changa, na kwa macho zinaweza kulingana kabisa kwa ukubwa. Muuzaji wako naye huenda alizipokea hivyo hivyo.

Upande wa pili, zile zilizoiva kwa mpigo. Embe inapoanza kuiva hutoa hewa iitwayo ethilini, na hewa hiyo ndiyo inayoziambia nyingine nazo zianze. Wazee wetu hawakuwa na jina hilo, lakini walijua kazi yake, ndiyo maana walivundika. Embe zilifunikwa kwa majani makavu au pumba, wakati mwingine na ndizi mbivu katikati, hewa ikabaki mle ndani na mzigo mzima ukaiva pamoja. Kreti iliyojaa, iliyowekwa stoo yenye joto na kufunikwa gunia juu, ni kuvundika kwenyewe hata kama hukukusudia. Mbili tatu zilizotangulia huvuta zilizobaki, na za chini hazipati hata upepo. Kwa joto la Dar mwezi wa Desemba unafungua Jumanne unakuta zinaanza kuwa laini, ukirudi Ijumaa zinatoa maji.

Kuhusu kabaidi, mama mkwe ana haki ya kuwa na wasiwasi, ila dalili ulizoeleza hazielekei huko. Kabaidi ni unga au mawe ya kijivu yanayotumika kwenye kuchomelea vyuma. Ikikutana na unyevu hutoa hewa ya asetilini, ambayo hufanana kazi na ethilini na hulazimisha ganda kuwa la njano haraka. Embe iliyopigwa kabaidi huja kwako ikiwa ya njano tayari, njano iliyofanana kuanzia kichwani hadi chini, na kreti nzima rangi moja. Ukiishika bado ni ngumu, haina harufu ya embe penye kikonyo, na ukikata unakuta karibu na kokwa bado ni nyeupe na chachu. Zako zilinyauka zikiwa kijani, na hilo ni tatizo la uchanga.

Hata hivyo, kwa macho peke yake hakuna anayeweza kuapa kwamba embe fulani imepigwa au haijapigwa. Kabaidi ya viwandani huwa na mabaki ya fosforasi na aseniki, na hiyo ndiyo sababu ya kuikataa kwenye chakula. Ukikuta chini ya kreti kipakiti cha karatasi chenye unga wa kijivu, au harufu kama ya kitunguu saumu, usikimwagie maji na usikisogeze karibu na moto, maana hewa yake inawaka. Rudisha mzigo, kisha mweleze afisa afya wa kata yako au Shirika la Viwango, TBS. Hapo panahitaji mtu wa kufika na kuona, si maelezo yangu.

Kwa nyumba yako ningefanya hivi. Watu sita, kila mmoja embe moja kwa siku, na mbili za juisi, ni nane. Embe iliyofika ubora wake bila friji unaifurahia siku tatu, nne kwa shida. Nane mara nne ni 32. Kwa hiyo kundi moja la embe zinazoiva pamoja lisizidi ndoo moja, na hapo hujali bei imeandikwaje. Ukitaka zaidi ya hapo lazima uwe na makundi mawili ya umri tofauti.

Tafuta jirani mmoja mwenye nyumba kama yako mgawane hizo kreti mbili. Mwombe muuzaji kreti moja iwe ya embe zinazoanza kubadilika rangi na ya pili iwe ya zilizokomaa lakini bado kijani. Zikifika Jumamosi, kila nyumba ichukue nusu ya kila kreti. Utabaki na 27 za kwanza na 28 za pili. Zinazobadilika utaanza kuzila Jumatatu na zitakuchukua hadi Alhamisi. Kufika Ijumaa zile za kijani zitakuwa zimeanza kukubali, nazo zitakufikisha Jumatatu inayofuata. Umelipa 25,000, hukulipa usafiri, na hata tano zikiharibika, kila iliyoliwa imekugharimu 500. Hiyo sasa ni bei ya jumla ya kweli.

Kabla ya Alhamisi mjibu muuzaji, kwa adabu tu, kitu kama hiki: "Habari ya kazi kaka. Naomba kreti mbili, moja zinazoanza kubadilika, moja za kijani zilizokomaa. Nijulishe zitatunguliwa lini, kila kreti ina embe ngapi au kilo ngapi, na zikitokea changa au zilizooza tunafanyaje. Nitazipokea mwenyewe Jumamosi." Sentensi hiyo ya mwisho usiiache. Anayejua kwamba mteja atakuwepo na atafungua kreti hapo hapo hupanga mzigo tofauti. Siku ya kutunguliwa nayo ni muhimu: zikitunguliwa Alhamisi au Ijumaa hesabu yangu inashika, lakini zikiwa zimekaa sokoni tangu Jumatatu, hizo za kijani zimeshatembea nusu ya safari na makundi yako mawili yatakutana katikati.

Na kama wewe unayesoma ndiye muuzaji, haya mambo yaandike mapema kwenye ujumbe wako: aina, zimetoka wapi, siku ya kutungua, idadi katika kreti, hatua ya uivu, na utaratibu wa kubadilisha mbovu. Mteja wa nyumbani haogopi 25,000. Anaogopa kumwaga.

Jumamosi mzigo ukifika, usianze kwa zile za juu. Pitisha mkono mpaka chini ya kreti utoe tatu, kwa sababu za juu ndizo zilizochaguliwa kukupendeza. Tazama mabega: iliyokomaa imejaa na kikonyo kimezama kwenye kishimo kidogo, changa mabega yake yanateremka kama ya chupa. Kisha kata moja mbele ya muuzaji, moja tu, kwa upande wa bapa ukikaribia kokwa. Hata kama nje ni kijani kibichi, iliyokomaa huonyesha unjano unaoanzia kwenye kokwa kuelekea nje, na kokwa inagoma kisu. Ukikuta nyama nyeupe tupu na kisu kinapita kwenye kokwa kama kwenye tango, hiyo ni changa, na mnayo hoja ya kuzungumza akiwa bado yupo mlangoni.

Akishaondoka, jaza maji kwenye beseni kubwa au ndoo na utumbukize za kijani chache chache. Zilizokomaa ni nzito kuliko maji, huzama. Changa huelea. Kipimo hiki kina makosa yake, moja moja itakudanganya, lakini kinagawa mzigo vizuri kuliko jicho. Zinazoelea usizingoje ziive. Zitie kwenye mchuzi wa samaki, zikatekate kwa chumvi na pilipili, au zianike kidogo utengeneze achari. Embe changa ni kiungo kizuri mno, kosa ni kulitaka liwe tunda.

Wakati zipo majini, ondoa pia utomvu uliokauka kwenye kikonyo. Utomvu ule unaunguza ganda la embe na kuacha michirizi myeusi, na kwa watu wengine unaunguza midomo. Zifute zikauke kabisa, kisha zipange sakafuni kwenye chumba chenye hewa, juu ya gunia au magazeti, safu moja, kikonyo kikiangalia chini, zisigusane sana. Chagua chumba kisichopigwa na jua la mchana. Embe huiva vizuri zaidi kwenye nyuzijoto 20 hadi 24, na Dar hatuipati Desemba, lakini sakafu ya saruji iko karibu nayo kuliko stoo ya mabati. Joto likizidi sana ganda hubaki na mabaka na ladha hupungua hata kama nyama imelainika.

Yale makundi mawili yakae vyumba tofauti. Nasisitiza hili kwa sababu ndilo watu hulipuuza: ukiziweka pamoja, zinazobadilika zitazivuta za kijani na Jumatano utakuwa na embe 55 mbivu. Kila asubuhi pita ukizibonyeza taratibu kwa kiganja, si kwa ncha ya kidole, maana kila alama ya kidole ni mahali pa kuanzia kuoza. Iliyoiva hukubali kidogo penye mabega na hunukia pale kikonyoni. Usitegemee rangi peke yake. Dodo wengine huiva ganda likiwa na ukijani. Yoyote yenye doa jeusi linalotanuka itoe siku hiyo hiyo, kata pabovu, iliyobaki safi iende kwenye juisi. Doa hilo mara nyingi ni ukungu ulioingia tangu embe ikiwa ndogo mtini na kungoja iive ndipo utokeze, kwa hiyo usijilaumu kwamba hukuzitunza.

Friji sasa. Ukiziingiza za kijani siku ya kwanza unazijeruhi. Embe isiyoiva huumia kwa baridi iliyo chini ya nyuzijoto 13 hivi, na friji ya nyumbani iko kwenye 4 au 5. Siku chache humo zinatosha: ganda linakuwa na vijishimo na rangi ya kijivu, na ukizitoa haziivi tena vizuri, au zinaoza zikiwa bado chachu. Inawezekana kabisa baadhi ya zile "zilizogoma" mwaka jana zilipita humo. Lakini ikishaiva, friji ni rafiki, inakuongezea siku nne au tano hivi. Basi utaratibu ni sakafuni mpaka zinukie, ndipo za ziada ziingie friji.

Kama una friza na umeona Jumatano kwamba zimekuzidi mbio, usizigandishe zima. Menya, kata vipande, tandaza kwenye sinia mpaka vigande kimoja kimoja, ndipo uvimimine kwenye mfuko au kopo. Ukivimimina vikiwa laini vitashikana kuwa jiwe moja na utalazimika kuyeyusha vyote kwa glasi mbili za juisi. Embe kumi za gramu 400 hutoa kilo mbili na nusu hivi za nyama, maana ganda na kokwa huchukua zaidi ya theluthi ya uzito, kwa hiyo pima nafasi ya friza kabla ya kuahidi.

Utakutana pia na inzi wa matunda, na hili linawashtua wengi wanapokata embe nzuri na kukuta funza. Wale hawaingii nyumbani kwako. Inzi jike hutoboa ganda tunda likiwa shambani na kutaga chini yake. Mayai huanguliwa ndani ya siku chache, na funza hukua kadiri embe inavyoiva. Aina moja kali kutoka Asia ilionekana Afrika Mashariki kwa mara ya kwanza mwaka 2003, na tangu hapo imekuwa adui mkubwa wa wakulima wetu wa embe. Kwenye embe ya kijani tafuta kitobo kidogo kama cha sindano kilichozungukwa na alama nyeusi au tone la utomvu lililokauka. Ukiwa na mashaka ipasue kabla ya kuwapa watoto. Yenye funza usiitupe chini ya mwembe wa uani, kwa sababu funza hutoka, huingia udongoni na kutokeza akiwa inzi. Izike kina cha nusu mita, au ifunge kwenye mfuko mzito uuanike juani siku kadhaa.

Mwisho ni afya ya walaji. Mwembe ni ndugu wa mkorosho, na utomvu wake una sumu ya ukoo ule ule inayowasha ngozi. Mtoto akitoka vipele pembezoni mwa mdomo baada ya kung'ata ganda, mnawishe kwa sabuni, na kuanzia hapo umpe embe iliyomenywa na kuoshwa. Lakini midomo au macho yakivimba, au akipumua kwa shida, mpelekeni kituo cha afya saa hiyo hiyo. Na kama mama mkwe au mwingine nyumbani ana kisukari, idadi yake kwa siku isitoke kwenye hesabu yangu ya nane. Amwulize anayemhudumia kliniki, na mpaka hapo ale vipande baada ya chakula, si glasi ya juisi, kwa sababu juisi humezwa haraka na ni rahisi kupitiliza kuliko kwa kutafuna.